Saa 1:50, Mbalizi: nyota ya kuchomoza na dakika zake

Tuchukue kadi ya kliniki ya mtoto aliyezaliwa Mbalizi, nje kidogo ya jiji la Mbeya, Ijumaa ya tarehe 12 Julai 1996. Kwenye nafasi ya saa ya kuzaliwa, muuguzi ameandika 1:50, basi. Hakuna asubuhi wala usiku. Kadi hii ni ya mfano, ila kadi za aina yake zimejaa kwenye mabegi ya akina mama nchi nzima. Mwenye kadi sasa ni mtu mzima na anataka kujua nyota yake ya kuchomoza, ile ambayo wanajimu huitaja pamoja na nyota ya jua na ya mwezi.

Kama muuguzi aliandika kwa saa za Kiswahili na ilikuwa asubuhi, jibu ni Simba. Kama ilikuwa saa 1:50 usiku, ni Ndoo. Kama alifuata saa za Kizungu alivyofundishwa chuoni, 1:50 yake ni saa 7:50, na hapo ikiwa ni usiku wa manane jibu ni Ng'ombe; ikiwa ni mchana, ni Nge. Tarakimu zilezile tatu zimezaa watu wanne, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake kwa karibu robo ya mzunguko wa mbingu. Anayeketi kubishana kuhusu dakika kabla ya kuyamaliza haya anapoteza muda wake.

Lakini dakika nazo zina siku yao, na kadi hii nimeichagua kwa sababu iko pabaya. Ili kuona ubaya wenyewe, inabidi kwanza tuelewe kinachohesabiwa ni nini.

Watu wengi wakisema "nyota yangu" wanakuwa na moja kati ya vitu vitatu vichwani. Kuna nyota ya tarehe, ile ya kurasa za magazeti, ambayo ni buruji lilimokuwa jua siku uliyozaliwa. Haihitaji saa isipokuwa kwa waliozaliwa siku jua linapohama buruji. Kuna nyota ya abjadi, inayopatikana kwa kujumlisha thamani za herufi za jina lako na la mama yako, ambayo imezoeleka sana pwani. Hiyo haihitaji saa, tarehe wala mahali. Wasikilizaji na wasomaji waliokua wakimfuata marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2011, wanazijua lugha hizo vizuri. Nyota ya kuchomoza ni jambo la tatu kabisa. Ni ile sehemu ya njia ya jua iliyokuwa inakata upeo wa mashariki dakika uliyozaliwa, pale ulipozaliwa. Ndiyo maana watoto wawili waliozaliwa siku moja, mmoja Mbalizi na mwingine Bukoba, au wote wawili wodi moja ila mmoja asubuhi na mwingine alasiri, wanaweza kuwa na nyota moja ya jua na nyota tofauti za kuchomoza.

Njia ya jua ni duara la nyuzi 360 angani, ambalo jua hulizunguka kwa mwaka mmoja. Wanajimu wamelikata vipande kumi na viwili vya nyuzi 30 kila kimoja: Hamali ambaye wengine humwita Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Dunia ikijizungusha mara moja, duara lote hilo hupita kwenye upeo wa mashariki. Nyuzi 360 kwa siku moja ni wastani wa uzi mmoja kila dakika nne, na buruji nzima kila saa mbili.

Huo ni wastani tu. Duara la njia ya jua limelala kwa mshazari, hivyo vipande vingine huchomoza upesi na vingine polepole, kutegemea uko umbali gani na ikweta. Mbalizi iko karibu nyuzi 9 kusini, kwa hiyo tofauti si kubwa: Mashuke na Mizani hupita kwa dakika 104 kila moja, Mapacha na Mbuzi kwa dakika 131. Linganisha na London, ambako Hamali huchomoza yote kwa dakika 52 wakati Mizani huchukua saa mbili na dakika hamsini. Mtoto wa shangazi aliyezaliwa Ulaya anahitaji saa sahihi zaidi kuliko wewe kama alizaliwa Hamali akichomoza, na anaweza kustarehe kidogo kama ilikuwa Mizani. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini hesabu ina upole.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe, tukishika kwanza kwamba 1:50 ni ya asubuhi, yaani 07:50 kwa saa ya tarakimu 24.

Hatua ya kwanza ni kuirudisha saa hiyo Grinwichi. Tanzania iko saa tatu mbele, kwa hiyo 07:50 inakuwa 04:50. Hatua ya pili ni kutafuta saa ya nyota. Saa ya ukutani hulifuata jua, ambapo saa ya nyota huhesabu mzunguko wa dunia kwa kulinganisha na nyota za mbali, nayo hutangulia ya kawaida kwa karibu dakika nne kila siku. Almanaka za unajimu, na siku hizi programu za simu, huonyesha saa ya nyota ya Grinwichi kwa usiku wa manane wa kila tarehe. Kwa tarehe 12 Julai 1996 ilikuwa saa 19, dakika 20 na sekunde 40. Juu yake tunajumlisha saa 4 na dakika 50 zilizopita tangu usiku wa manane wa Grinwichi, pamoja na nyongeza ndogo ya karibu sekunde kumi kwa kila saa, ambayo hapa inafika sekunde 48. Tunapata saa 24, dakika 11 na sekunde 28.

Hatua ya tatu ndiyo inayoingiza Mbalizi. Mji huo uko longitudo ya nyuzi 33 na dakika 22 mashariki. Kila uzi ni dakika nne za saa, kwa hiyo tunaongeza saa 2, dakika 13 na sekunde 28. Jumla ni 26:24:56. Tukiondoa 24 inabaki 2:24:56. Hiyo ndiyo saa ya nyota ya Mbalizi dakika ile mtoto alipozaliwa.

Hatua ya nne ni kuigeuza saa hiyo kuwa sehemu ya njia ya jua iliyo kwenye upeo. Zamani watu walitumia vitabu vya majedwali. Sasa ni mstari mmoja wa hesabu, ambao mtu mwenye kikokotoo cha sayansi anaweza kuujaribu mwenyewe:

```
T = (saa ya nyota) × 15
ASC = atan2( cos T, -( sin T · cos e + tan f · sin e ) )
```

T ni saa ya nyota iliyogeuzwa kuwa nyuzi, hapa 36.23. Herufi e ni mlalo wa njia ya jua, nyuzi 23.44, na f ni latitudo, ambayo kwa Mbalizi ni −8.93. Alama ya kutoa isisahauliwe; tutairudia. Jibu ni nyuzi 120.74. Kaa anaishia 120 na Simba anaanzia hapohapo, hivyo nyota ya kuchomoza ya mwenye kadi ni Simba, robo tatu ya uzi baada ya mpaka.

Robo tatu ya uzi ni dakika tatu za saa. Ukiigeuza hesabu na kuuliza mpaka ulipitwa saa ngapi, utapata kwamba Mbalizi asubuhi ile Kaa alimpisha Simba saa 1:47. Kama mtoto alizaliwa saa 1:45, na muuguzi akaandika 1:50 baada ya kumfunika mtoto na kumhudumia mama, basi nyota ya kuchomoza ni Kaa, nyuzi 29 na nusu, na kila sentensi ambayo mnajimu angeijenga juu ya Simba imeanguka.

Hapa ndipo kauli ya "dakika chache ni muhimu" inapohitaji kupimwa, kwa sababu husemwa kama vile ni kweli kwa kila mtu. Buruji moja huchukua karibu dakika 120. Kama saa yako ina shaka ya dakika tano mbele au nyuma, dirisha la shaka ni dakika kumi, na uwezekano wa mpaka kuangukia ndani ya dirisha hilo ni kama mmoja kwa kumi na mbili. Watu kumi na mmoja kati ya kumi na wawili hawapotezi chochote; nyota yao ya kuchomoza ni ileile. Shaka ikiwa robo saa kila upande, uwezekano unapanda hadi mmoja kwa wanne. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu yeyote ni umbali wake kutoka mpaka. Ukijua mpaka ulipita saa ngapi, unajua ni dakika zipi za kuzigombania na zipi za kuziacha. Wanajimu wanaoutumia uzi wenyewe, siyo buruji tu, au wanaozigawa nyumba za chati kwa uzi huo, hawana nafuu hiyo. Kwao kila dakika nne zinasogeza kitu.

Mahali pia ni wakati, ingawa watu hawapaoni hivyo. Nchi yote ya Tanzania hutumia saa ya longitudo ya 45 mashariki, mstari ambao haugusi ardhi yetu hata kidogo; unapita Somalia. Sisi sote tuko magharibi yake, na kadiri unavyoelekea Mbeya unazidi kuachwa. Mbalizi saa ya ukutani iko mbele ya jua la mahali hapo kwa dakika 46 na nusu. Katikati ya Julai jua hufika juu kabisa saa 6:52 mchana. Huchomoza saa 1:03 asubuhi, wakati Dar es Salaam limeshachomoza saa 12:36.

Sasa chukua kosa ambalo hutokea mno. Programu inauliza mahali pa kuzaliwa. Mtu anaandika Mbalizi, haimo kwenye orodha. Anaona maneno "Dar es Salaam" kwenye mstari wa kanda ya saa, anachagua hayo na kujiambia kuwa nchi ni moja na saa ni moja. Saa ni moja kweli, upeo si mmoja. Kwa Dar es Salaam asubuhi ileile Simba alianza kuchomoza saa 1:20, dakika 27 kabla ya Mbalizi. Kwa Iringa ilikuwa saa 1:36. Mtoto wa 1:45 aliyezaliwa Mbalizi ni Kaa. Ukimwandikia Iringa au Dar, anakuwa Simba bila wasiwasi wowote, na hakuna kitakachokuonyesha kuwa umekosea. Kwa upande mwingine, ukiandika Mbeya mjini badala ya Mbalizi tofauti haizidi nusu dakika. Usihangaike nayo.

Kisha ile alama ya kutoa. Latitudo ikiingizwa kama nyuzi 8.93 kaskazini, hesabu yetu ya 1:50 inatoa Simba nyuzi 6.9 badala ya robo tatu ya uzi. Herufi moja imesogeza chati kwa nyuzi sita, sawa na kosa la karibu dakika 25. Wenye vitabu vya zamani wana mtego wao pia, kwani majedwali mengi yalichapishwa kwa ajili ya kaskazini ya ikweta. Kwa aliyezaliwa kusini unaongeza saa 12 kwenye saa ya nyota, unatafuta jibu kwenye latitudo ileile ya kaskazini, kisha unachukua buruji inayokabili. Kwa kadi yetu, 2:24:56 inakuwa 14:24:56. Jedwali litakupa Ndoo, nawe unaandika Simba. Aliyesahau kugeuza ataondoka na Ndoo, jibu ambalo kwa bahati mbaya linafanana na la kadi ya saa 1:50 usiku, kwa hiyo halimshtui mtu.

Turudi wodini, maana dakika yenyewe inazaliwa huko. Mtoto anatoka, mkunga anamkausha, anatazama kama analia na kupumua, anatoa alama ya Apgar ya dakika ya kwanza, mama anachomwa sindano ya kuzuia damu, kitovu kinabanwa na kukatwa. Ni baada ya hapo, au katikati ya hayo, ndipo macho yanainuka kwenye saa ya ukutani. Na saa hiyo mwaka 1996 ilikuwa imerekebishwa kwa redio, kama ilirekebishwa. Kisha mkono unaandika, na mkono wa binadamu unapenda tano na sifuri. Ukiona rejesta ambayo kila mtoto kazaliwa :00, :15, :30 au :45, fahamu kwamba dakika zake ni za makadirio. Ukiona :47 au :52 zikijitokeza hapa na pale, aliyeandika alikuwa akiitazama saa.

Hata neno "kuzaliwa" lina dakika zaidi ya moja ndani yake. Kitabibu ni pale mwili mzima unapokuwa nje. Wanajimu wengi hushika pumzi ya kwanza au kilio. Mara nyingi mambo hayo mawili hufuatana kwa sekunde. Mtoto aliyechelewa kulia ana pengo. Kwa kadi iliyo dakika tatu kutoka mpakani, pengo hilo linatosha.

Kwa hiyo mwenye kadi akitaka ushahidi zaidi aanzie wapi? Cheti cha kuzaliwa cha RITA hubeba tarehe, mahali na majina ya wazazi, hivyo hakitamsaidia. Rejesta ya MTUHA ya wodi ya wazazi ndimo huandikwa saa ya kujifungua, na kama partografu ya mama ilihifadhiwa, humo kuna mfuatano wa vipimo wenye saa, ambao ni mgumu kukosea kwa masaa sita. Mfuatano huo ndio unaomaliza ubishi wa asubuhi au usiku. Kama vipimo vya mwisho kabla ya kujifungua vimeandikwa 11:30 na 12:30, na vilivyotangulia vinafuatana usiku kucha tangu kulazwa jana yake jioni, basi 1:50 inayofuata ni ya Kiswahili na ni asubuhi. Kama vimeandikwa 23:30 na 00:30, mwandishi alitumia saa 24 na 1:50 yake ni usiku wa manane.

Karatasi zikikosekana anabaki mama, na mama ni shahidi mzuri kuliko anavyodhaniwa, ila asiulizwe saa. Aulizwe mwanga. Kulikuwa kumepambazuka? Taa ilikuwa inawaka? Chai ya wodi ilikuwa imepita, ndugu walikuwa wameruhusiwa kuingia? Majibu ya aina hiyo yanatenganisha Simba, Ndoo, Ng'ombe na Nge mara moja. Hayawezi kutenganisha 1:45 na 1:50, na asishurutishwe kufanya hivyo. Akiulizwa mara ya tatu atachagua dakika ili kukuridhisha.

Mwanga una faida nyingine: unakagua hesabu yote bila kompyuta. Jua linapochomoza, sehemu ya njia ya jua iliyoko mashariki ni ileile lilimo jua. Tarehe 12 Julai 1996 jua lilikuwa Kaa, nyuzi 20. Lilichomoza Mbalizi saa 1:03. Kufikia 1:50 zimepita dakika 47. Gawa kwa nne, unapata karibu nyuzi 12. Jumlisha na 20, unapita 30 kidogo na kuangukia mwanzoni mwa Simba. Inakubaliana na hesabu ndefu, kwa tofauti ya uzi mmoja hivi, ambayo sehemu yake kubwa inatokana na hewa kulipinda jua na kulionyesha dakika tatu nne kabla halijafika upeoni hasa. Kama programu ingetoa Nge kwa saa hiyo ya asubuhi, ungejua papo hapo kuwa kuna kitu kimeingizwa vibaya. Kukagua kunatosha kukamata kosa la masaa, lakini ni kupana mno kuamua mpaka.

Na mama akisema "jua ndiyo lilikuwa linatoka," akumbukwe alikuwa wapi. Upeo wa hesabu ni tambarare kama bahari. Mbalizi ina safu ya milima ya Mbeya upande wa kaskazini na kaskazini-mashariki, na Julai jua hutoka likiwa limeegemea kaskazini. Kilima kinachoficha nyuzi tatu tu za anga hulichelewesha kwa zaidi ya dakika kumi na mbili, bila kutaja ukungu wa msimu wa baridi. Jua la macho huko ni la baadaye kuliko jua la jedwali.

Usiku nao una mkanganyiko wake wa tarehe. Mtu akisema "Ijumaa usiku", wengine wanamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisi ni Alhamisi. Ajabu ni kwamba kwa nyota ya kuchomoza kosa hilo ni dogo: saa ileile siku moja nyuma husogeza jibu kwa uzi mmoja tu, kwa sababu saa ya nyota hutofautiana na ya kawaida kwa dakika nne kwa siku. Kukosea siku nzima ni nafuu kuliko kukosea saa moja. Ila mwezi huwa umesogea nyuzi kumi na tatu hivi, na anayesoma chati nzima ataliona hilo.

Wazee wana shida ya kwao. Hifadhi ya kanda za saa ambayo kompyuta na simu nyingi duniani huitegemea, chini ya jina `Africa/Dar_es_Salaam`, kwa miaka mingi ilionyesha kuwa kuanzia 1948 hadi kuingia 1961 saa ya huku ilikuwa mbele ya Grinwichi kwa saa 2 na dakika 45, siyo 3. Baadaye jina hilo likaunganishwa na `Africa/Nairobi`, ambayo inahesabu saa 3 kamili tangu 1942. Mzee aliyezaliwa Mbalizi mwaka 1955 akiingiza saa yake kwenye programu mbili, moja yenye data za zamani na nyingine yenye data mpya, atapata majibu yanayopishana kwa karibu nyuzi nne. Programu zote mbili zinahesabu sawasawa. Zinapopishana ni kwenye historia. Namna ya kugundua ni kutazama saa ya Grinwichi ambayo programu imeitumia, ambayo nyingi huionyesha pembeni ya chati, na kuona kama imetoa saa 3 au 2:45.

Kwa mwenye kadi aliyekwama kati ya Kaa na Simba, wanajimu wengi watapendekeza kuirekebisha saa kwa kutumia maisha yake: lini aliolewa au kuoa, lini alifiwa, lini alihama, kisha saa inasogezwa mpaka chati ikubaliane na matukio. Mimi siikubali njia hiyo. Ukiwa na dakika kumi za kuchezea na matukio ya miaka thelathini, hutakosa dakika inayopendeza, na chati iliyorekebishwa kwa matukio haiwezi tena kuyathibitisha matukio hayo. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambapo wanajimu walipewa chati ya mtu na wasifu wa tabia wa watu watatu, wachague wa kwake. Walipatia karibu theluthi moja, kiwango cha kubahatisha. Kwamba Simba alikuwa anachomoza Mbalizi saa 1:50 ni jambo la kupimika ambalo yeyote anaweza kulirudia. Kwamba mtu huyo kwa hiyo ni jasiri na anapenda kuonekana ni dai jingine, na usahihi wa la kwanza haulibebi la pili.

Linalobaki kwa kadi hii, tukishaijua kuwa ya asubuhi, ni kuandika ukweli wake wote: mpaka saa 1:47, saa iliyorekodiwa 1:50, shaka dakika tano, Simba mwanzoni kabisa au Kaa mwishoni kabisa. Mnajimu anayekubali kusoma chati hiyo bila kuuliza saa ilitoka wapi amekupa kipimo cha kazi yake.

Kisha mwenye kadi apite kwa mnajimu wa jadi ya Kihindi. Wao huanza kuhesabu buruji kutoka kwenye nyota za angani, siyo kutoka pale jua linapokata ikweta mwezi Machi, na duara lao limepishana na la Kimagharibi kwa karibu nyuzi 24. Kwao, 1:45 na 1:50 zote ni Kaa, kati ya nyuzi 5 na 7, mbali na mpaka wowote. Ubishi wote wa dakika tatu haupo. Umehamia kwa mtoto mwingine wa wodi ileile, aliyezaliwa asubuhi hiyohiyo karibu na saa 3:18.